Navigation Pane Tupu: Kugeuza Vichwa Vilivyopambwa kwa Mkono Kuwa Vichwa Halisi vya Word

Fungua ripoti ya kurasa 180 kwenye Word, nenda View, weka tiki kwenye Navigation Pane, kisha bofya Headings. Kwa hati nyingi zilizopitia mikono ya watu kadhaa, upande wa kushoto utabaki mtupu. Au, vibaya zaidi, zitajitokeza aya tatu nne ambazo si vichwa kabisa, huku vichwa vya kweli vikikosekana. Msomaji anashangaa, maana kwenye kurasa vichwa anaviona wazi: herufi nene, ukubwa wa pointi 16, katikati ya mstari.

Word haiangalii sura ya maneno. Kila aya kwenye hati ina sifa iitwayo Outline level, ambayo ama ni Body Text au ni ngazi mojawapo kati ya Level 1 na Level 9. Navigation Pane huorodhesha aya zenye ngazi, na aya za Body Text huziacha. Mtindo wa Heading 1 umebeba Level 1 ndani yake, Heading 2 umebeba Level 2, na kuendelea hivyo hadi Heading 9. Mtu anapoandika "UTANGULIZI", akaukoleza na kuupeleka katikati, ile aya inabaki kuwa Normal yenye Body Text. Imebadilika sura tu. Ukitaka kuhakikisha, weka kishale ndani ya kichwa hicho na ubonyeze Shift+F1. Kidirisha cha Reveal Formatting kitafunguka, na ukiweka tiki kwenye Distinguish style source kitakuonyesha kipi kimetoka kwenye mtindo na kipi kimewekwa kwa mkono juu yake.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni ya kutafsiri sura kuwa ngazi. Kwa hati fupi ungepita kichwa kimoja kimoja ukibonyeza Ctrl+Alt+1, Ctrl+Alt+2 au Ctrl+Alt+3. Kwa kurasa 180 utachoka na utaruka vingine, hivyo inabidi uiambie Word ikusanye yenyewe aya zinazofanana. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu sura moja inaweza kuwa imetumika kwa mambo mawili tofauti.

Tuchukue hati ya aina inayokutwa sana. Maandishi ya kawaida ni pointi 12. Sura kuu zimeandikwa kwa herufi kubwa, nene, pointi 16, katikati: "3. MBINU ZA UTAFITI". Sehemu ndani ya sura ni pointi 14, nene, kushoto, zikiwa na namba iliyochapwa kwa mkono: "3.4 Ukusanyaji wa Data". Vijisehemu ni pointi 12, nene, bila chochote kingine: "Uteuzi wa wahojiwa". Ngazi mbili za kwanza ni rahisi kuzitambua kwa ukubwa. Ya tatu ndiyo yenye mtego, kwa kuwa ina ukubwa uleule wa maandishi ya kawaida, na unene wake ni uleule wa neno lolote lililokolezwa katikati ya aya.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya faili kwa jina jingine, shughulikia mabadiliko yote yaliyofuatiliwa, kisha zima Track Changes. Ukiiacha ikiwa imewashwa, kila badiliko la mtindo litaingia kwenye hati kama pendekezo, na utamaliza ukiwa na mamia ya visanduku pembeni mwa ukurasa.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu mali. Nenda File, Options, Advanced, na uweke tiki kwenye Keep track of formatting. Halafu fungua kidirisha cha mitindo kwa Alt+Ctrl+Shift+S, bofya Options chini yake, na uwashe Paragraph level formatting na Font formatting. Sasa kidirisha kitaanza kuorodhesha hata mapambo ya mkono, kwa maneno kama "14 pt, Bold". Bofya kulia kwenye kila kimoja na utaona Select All ikiwa na idadi ya mahali kinapopatikana. Hapa ndipo siri za hati zinapofichuka: vichwa 9 vya sura ni pointi 16, lakini kimoja ni 16.5, sehemu 41 ni pointi 14 nene, na nyingine 6 ni pointi 14 nene zilizopigiwa mstari. Andika kwenye karatasi kila mwonekano uliouona na ngazi unayoupa. Usiharakishe hapa. Ukiamua kwamba zile 6 zenye mstari ni ngazi ya pili kama wenzake, au ni ya tatu, uamuzi huo hauna budi kutoka kwa maana ya maandishi, na Word haiwezi kukufanyia.

Hatua ya pili watu wengi huiruka, na ndiyo inayoleta vurugu baadaye: waondoe wanaojifanya vichwa. Jalada la hati kwa kawaida lina mistari ya pointi 16, nene, katikati, sawasawa na sura kuu. Ukianza kubadilisha kabla ya kulishughulikia, jina la ripoti, jina la mwandishi na tarehe vyote vitageuka sura za kwanza. Yape maneno ya jalada mitindo ya Title na Subtitle mapema. Mitindo hiyo haina ngazi, hivyo haitatokea kwenye Navigation Pane. Vivyo hivyo kwa maelezo ya majedwali na picha. "Jedwali 7: Umri wa wahojiwa" kwa herufi nene za pointi 12 haitofautiani hata kidogo na kichwa cha ngazi ya tatu. Fungua Ctrl+H, kwenye Find what andika `Jedwali ^#`, ongeza Bold kupitia More, Format, Font. Kwenye Replace with andika `^&`, kisha Format, Style, Caption. Alama `^#` ni tarakimu yoyote, na `^&` inarudisha maneno yaliyopatikana kama yalivyo. Tumia Find Next na Replace, usibonyeze Replace All, kwa sababu aya ya kawaida iliyokoleza maneno "Jedwali 7" ndani yake nayo itakamatwa, na aya nzima itakuwa Caption.

Jambo hilo la mwisho linahitaji kusimamiwa kidogo, kwa maana ndilo chanzo cha ajali nyingi. Heading 1, Heading 2 na Caption tunazitumia hapa kama mitindo ya aya. Word ikipata neno moja linalolingana na ulichotafuta, na umeiagiza kuweka mtindo wa aya, hailipi lile neno mtindo. Inaipa aya yote iliyolizunguka. Ukitafuta herufi nene za pointi 12 na kubonyeza Replace All kwa Heading 3, kila aya yenye neno moja lililokolezwa itageuka kichwa. Utaligundua kosa hilo mara moja kwenye Navigation Pane: kutajaa sentensi ndefu zinazoishia kwa nukta.

Kwa ngazi mbili za kwanza, hata hivyo, njia ya Ctrl+H ni salama, mradi pointi 16 na 14 hazitumiki ndani ya aya za kawaida. Acha Find what ikiwa tupu, weka kishale humo, kisha chagua Format, Font: 16, Bold, halafu Format, Paragraph: Centered. Hamia Replace with, iache tupu pia, na chagua Format, Style, Heading 1. Bonyeza Find Next mara chache kwanza kuona kama unakamata ulichokusudia, kisha Replace All. Linganisha idadi inayotajwa na ile uliyoandika kwenye karatasi. Isishangaze ikizidi kidogo, kwa kuwa kichwa kimoja kinaweza kuwa na vipande viwili vyenye mapambo tofauti kidogo. Ikipungua, kuna kichwa kilichojificha, na huenda ni kile cha 16.5. Kabla ya kwenda ngazi ya pili bofya No Formatting kwenye visanduku vyote viwili. Masharti ya zamani hubaki pale chini ya kisanduku kwa maandishi madogo, na mtu akisahau kuyafuta hupata matokeo sifuri akadhani hati ndiyo mbovu.

Sasa ngazi ya tatu. Kinachotofautisha kichwa cha pointi 12 na neno lililokolezwa ni kwamba kwenye kichwa aya nzima ni nene, na ni fupi. Ctrl+H haina namna nyepesi ya kuuliza swali hilo, lakini makro ndogo inaweza. Fungua Alt+F11, chagua Insert, Module, bandika hii, kisha bonyeza F5:

```vba
Sub PangaNgaziYaTatu()
  Dim p As Paragraph, r As Range, s As String
  For Each p In ActiveDocument.Paragraphs
    s = p.Style
    Set r = p.Range
    r.MoveEnd wdCharacter, -1
    If (s = "Normal" Or s = "List Paragraph") _
      And Len(r.Text) > 1 And Len(r.Text) < 100 Then
      If r.Font.Bold = True And r.Font.Size = 12 _
        And Right(r.Text, 1) <> "." _
        And Not r.Information(wdWithInTable) Then
        p.Style = wdStyleHeading3
      End If
    End If
  Next p
End Sub
```

Mistari michache humo inafaa kuelezwa, kwani ndiyo utakayoibadilisha kulingana na hati yako. `r.Font.Bold` hurudisha True iwapo tu kila herufi katika eneo hilo ni nene. Zikichanganyika, hurudisha namba 9999999, na aya inaachwa. Mstari wa `MoveEnd` unaitoa nje alama ya mwisho wa aya, kwa maana mara nyingi mtu amekoleza maneno akaiacha alama hiyo bila unene, na bila mstari huu vichwa vyako vingi vingeonekana kuwa vya mchanganyiko. "List Paragraph" imetajwa kwa sababu mtu akibofya kitufe cha namba kwenye aya ya Normal, Word huihamishia kwenye mtindo huo kimyakimya. Kikomo cha herufi 100 na sharti la nukta ni vya kukisia tu. Kama hati ina vichwa virefu, ongeza. Vilivyo ndani ya majedwali vinaachwa makusudi, kwa kuwa safu ya juu ya jedwali huwa nene karibu kila mara. Na hata kama ungevipa Heading 3, Navigation Pane haionyeshi vichwa vilivyo ndani ya jedwali wala ndani ya kisanduku cha maandishi.

Kipo kichwa cha bandia ambacho makro hii haitakipata: kile kilichotenganishwa na aya yake kwa Shift+Enter. Kwa macho ni mistari miwili, lakini kwa Word ni aya moja, na ukiipa mtindo wa kichwa, maandishi yote yaliyo chini yatafuata. Washa alama zilizofichika kwa Ctrl+Shift+8. Penye Shift+Enter utaona mshale uliopinda, badala ya ¶ inayofunga aya. Tafuta `^l` kwa Ctrl+H, ukiruhusu masharti ya Bold, na ubadilishe kwa `^p` moja moja, kwani nyingine zimewekwa kwa haki yake, kwa mfano kwenye anwani au mistari ya shairi. Kisha endesha makro tena. Haina madhara kuirudia, maana aya zilizokwisha kuwa Heading 3 haizigusi.

Baada ya ngazi zote tatu kuingia, vichwa vingine bado vitakuwa na mapambo ya mkono juu ya mtindo mpya. Word ina desturi ya kuyafuta mapambo ya herufi pale mtindo wa aya unapowekwa ikiwa yamefunika zaidi ya nusu ya aya, na kuyaacha yakiwa pungufu ya hapo. Ndiyo sababu vichwa viwili vya Heading 2 vinaweza kutofautiana ilhali umevipa mtindo mmoja. Kwenye kidirisha cha mitindo bofya kulia Heading 2, chagua Select All, bonyeza Ctrl+Space kuondoa mapambo ya herufi, kisha Ctrl+Q kuondoa ya aya. Tahadhari moja: Ctrl+Space huondoa pia herufi za mlalo zenye sababu, kama jina la kisayansi la mmea ndani ya kichwa, na itabidi uyarudishe hayo kwa mkono. Kuanzia hapo sura ya vichwa inatoka sehemu moja. Ukitaka Heading 1 iwe pointi 16 katikati kama zamani, bofya kulia, Modify, na uibadilishe humo, ukihakikisha Automatically update haina tiki. Humohumo, kwenye Format, Paragraph, Line and Page Breaks, washa Page break before, ili ufute zile Ctrl+Enter zote zilizokuwa zikisukuma sura kwenye ukurasa mpya.

Namba zilizochapwa kwa mkono zinastahili uangalifu wa pekee, na hapa pana faida ambayo watu huitupa kwa kuzifuta mapema mno. Usizifute kwanza. Weka kishale kwenye kichwa cha Heading 1, nenda Home, Multilevel List, na uchague muundo unaoonyesha majina Heading 1, Heading 2, Heading 3. Sasa kila kichwa kina namba mbili, ya Word na ya mwandishi, na Navigation Pane inazionyesha zikiwa bega kwa bega: "3.3 3.3 Eneo la Utafiti", "3.4 3.4 Ukusanyaji wa Data", halafu ghafla "3.5 3.6 Uchambuzi". Pale zinapoachana ndipo penye tatizo. Namba ya Word ikiwa ndogo kuliko ya mwandishi, ama mwandishi aliruka namba, ama kuna kichwa ambacho hukukikamata na bado kimelala kwenye maandishi kama Normal. Nenda ukaangalie kati ya 3.4 na "3.6" ya zamani; ukikuta kichwa "3.5 Maadili" chenye pointi 13, umempata aliyepotea. Namba ya Word ikiwa kubwa kuliko ya mwandishi, ama amerudia namba ileile mara mbili, ama aya ya kawaida imeingia kwenye kundi la vichwa. Aya tupu iliyopewa mtindo wa Heading nayo hula namba yake, na hiyo utaitambua kwa namba inayosimama peke yake kwenye ukurasa bila maneno.

Ukipita orodha nzima kwa njia hii, mwisho wake kila tofauti itakuwa na maelezo. Yaandike yale yaliyotokana na makosa ya mwandishi, kwa sababu ndani ya maandishi kuna "angalia sehemu ya 3.6" ambazo sasa zitaelekeza pasipo. Hizo zitafute kwa Ctrl+F na uziweke upya kupitia References, Cross-reference, ili zifuate kichwa chao popote kiendapo. Ndipo ufute namba za zamani:

```vba
Sub FutaNambaZaMkono()
  Dim p As Paragraph, r As Range
  For Each p In ActiveDocument.Paragraphs
    If p.OutlineLevel <= 3 Then
      Set r = p.Range
      r.Collapse wdCollapseStart
      r.MoveEndWhile "0123456789. " & vbTab
      If r.End > r.Start Then r.Delete
    End If
  Next p
End Sub
```

Hii hufuta tarakimu, nukta, nafasi na tabo zilizo mwanzoni mwa kichwa tu, hivyo mwaka ulio katikati unabaki salama. Kichwa kinachoanza na mwaka, kama "2015 hadi 2020", kitapoteza mwanzo wake. Kitafute kabla ya kuendesha na ukirudishe baadaye. Namba za Word hazigusiki, kwa kuwa si sehemu ya maandishi ya aya.

Kinachoweza kubaki ni aya za kawaida zinazojitokeza kwenye Navigation Pane ingawa mtindo wake ni Normal. Hizi mara nyingi zimebandikwa kutoka faili nyingine zikiwa na Outline level iliyowekwa moja kwa moja kwenye aya. Bofya ndani yake, fungua dirisha la Paragraph, na utaona Level 1 au Level 2 mahali panapotakiwa kuwa Body Text. Ctrl+Q inaitoa.

Herufi kubwa zilizochapwa kwa Caps Lock hubaki hivyo hivyo kwenye Navigation Pane na kwenye yaliyomo. Ukichagua vichwa vyote vya Heading 1 na kubonyeza Shift+F3 vitabadilika, lakini vifupisho kama VVU vitageuka pia, kwa hiyo kwa sura 9 ni heri kuzirekebisha kwa mkono.

Jaribu mpangilio kwa kubofya kulia ndani ya Navigation Pane, Show Heading Levels, kisha Show Heading 1. Zionekane sura 9 tu, kwa mfuatano. Fungua ngazi ya pili, zionekane sehemu zote ulizoziandika kwenye karatasi, pamoja na zile ulizozigundua baadaye. Ukiburuta "3.4 Ukusanyaji wa Data" juu ya "3.3", sehemu nzima itahama pamoja na maandishi na majedwali yake, na namba zitajipanga upya, irudishe kwa Ctrl+Z. Na hati ikienda kwa wasomaji kama PDF, kwenye Save As bofya Options na uweke tiki Create bookmarks using, Headings. Vichwa vilevile vitakuwa alamisho upande wa kushoto wa kisoma PDF, na yule asiye na Word naye ataweza kurukia sura anayoitaka.